Mwaka wa Kukhu: jinsi tulivyofika 1947 kutoka siku ya risasi za Malakisi

Kukhu, yaani bibi kwa Kibukusu, anaishi Bungoma, upande wa Sirisia, na hakuwahi kuwa na kitambulisho. Jina lake nalihifadhi. Aliolewa mapema, mumewe ndiye aliyekuwa na kipande na karatasi zote za boma, na wanawake walipoanza kuandikishwa nchini Kenya mwishoni mwa miaka ya 1970 yeye alikuwa na mtoto mchanga na hakwenda. Baadaye hakuona sababu. Sasa mumewe amefariki, zahanati inataka awe amesajiliwa na SHA, bima ya afya ya serikali, mjukuu anataka jina lake liwe tayari usajili wa Inua Jamii, fedha za serikali kwa wazee wa miaka 70 na zaidi, utakapofunguliwa, na kila mlango anaobisha unadai namba ya kitambulisho. Fomu ya kuomba kitambulisho nayo inamwuliza tarehe aliyozaliwa.

Ukiona mzee asiyejua mwaka wake, usidhani hakuna mwaka ulioandikwa popote. Shida ya kawaida ni kwamba imeandikwa mingi. Kadi ya zahanati ya Kukhu ilisema 1951. Kijana wa duka la saiba sokoni, ambaye mjukuu alimwendea kwanza, alikuwa ameshajaza fomu kwa penseli: 1953. Nilipomwuliza aliupata wapi, alisema mama huyo anaonekana wa miaka sabini na kidogo. Na jamaa walikuwa wamekubaliana nyumbani kwamba waandike 1943, kwa sababu ambayo nitaieleza baadaye. Miaka mitatu, na hakuna hata mmoja uliotoka kinywani mwa Kukhu mwenyewe.

Yeye alikuwa na jambo moja tu la kusema, na alilisema bila kusita: "Mimi ni mtoto wa Masinde. Mama alikimbia nami mgongoni siku ile watu walipopigwa risasi."

Nataka tukae hapo kwa muda, maana kazi yote ilianzia kwenye sentensi hiyo.

Mtu wa nje angesikia "Masinde" akaandika mwaka wa kwanza unaomjia kichwani. Lakini Elijah Masinde na wafuasi wake wa Dini ya Msambwa, waliopinga ukoloni, walikuwa katika maisha ya watu wa Bungoma kwa muda mrefu. Katikati ya miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ilimfungia katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari. Akatoka mwaka 1947, na Septemba mwaka huo wafuasi wake wakakusanyika Chetambe kuwakumbuka Wabukusu waliouawa pale mwaka 1895. Februari 1948 akakamatwa tena na kupelekwa mbali, akarudi nyumbani mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mzee anayesema "nilizaliwa wakati wa Masinde" anaweza kuwa anazungumzia mwaka wowote kati ya hiyo, na tofauti yake inafika karibu miaka ishirini. Bora mzee anayekumbuka tukio la siku moja kuliko anayekumbuka kipindi. Vivyo hivyo kwa Nakuru: "wakati wa Hali ya Hatari" ni tangu Oktoba 1952 hadi Januari 1960, na mtu akikwambia hivyo bado hajakupa mwaka. "Vita vya Hitla" ni miaka sita. "Wakati wa dhahabu" kule Kakamega unaanza mwaka 1931 na kuendelea hadi mgodi wa Rosterman ulipofungwa mwanzoni mwa miaka ya 1950.

Ila Kukhu hakusema wakati wa Masinde tu. Alisema risasi, na alisema watu walikimbia. Hiyo ni Malakisi, tarehe 10 Februari 1948, ambapo polisi waliwafyatulia risasi wafuasi wa Dini ya Msambwa na watu 11 wakauawa. Sikumwambia tarehe hiyo. Nilimwomba anieleze alivyosimuliwa na mama yake: walikimbia kutoka wapi, walivuka wapi, nani alikuwepo. Akataja Malakisi mwenyewe. Akasema ilikuwa jua kali na mto ulikuwa mdogo, jambo linalolingana na Februari. Ni muhimu sana usimtangulie mzee kwa kumtajia mwaka. Ukimwambia, "Kukhu, ni 1948 hiyo, siyo?" ataitikia kwa adabu, na kuanzia hapo atawaambia watu wote 1948, hata afisa wa usajili, nawe utakuwa umepoteza shahidi uliyekuwa naye.

Vilevile ujue kumbukumbu hii ni ya namna gani. Hakuna mtu anayekumbuka kuzaliwa kwake. Kukhu alikuwa anatoa maneno ya mama yake, na maneno ya mama kuhusu siku ya hatari akiwa na mtoto mgongoni huwa mazito kuliko kumbukumbu nyingine, kwa kuwa yalirudiwa nyumbani mara nyingi na mbele ya watu waliokuwepo. Lakini hayasemi alizaliwa siku hiyo. Yanasema siku hiyo alikuwa tayari amezaliwa na alikuwa bado anabebwa. Kosa ambalo nimeliona kwenye fomu nyingi ni kuchukua mwaka wa tukio na kuufanya mwaka wa kuzaliwa. Kama tungefanya hivyo tungeandika 1948, tukawa tumekosea.

Nikachora mstari kwenye karatasi na kuweka mipaka miwili, si kabla ya na si baada ya. Kwa siku ya Malakisi peke yake, mtoto wa mgongoni anayekimbizwa ni wa miezi mitatu minne hivi kwenda juu. Mchanga kabisa angekuwa mikononi, na mama wa siku chache asingekuwa sokoni wala njiani. Upande wa pili, mama mwenye hofu anaweza kumbeba hata mtoto wa miaka mitatu. Kwa hiyo: si kabla ya mwanzo wa 1945, si baada ya mwisho wa 1947. Tayari 1953, 1951 na 1943 zimeanguka zote, na hatujatoka hata nje ya nyumba.

Nikamwuliza Kukhu juu ya ndugu zake. Kwa mwanamke Mbukusu mwenye kaka, swali hili ndilo la maana kuliko yote, kwa sababu kaka ana mwaka hata kama dada hana. Tohara ya Wabukusu hufanyika Agosti, na hufanyika katika miaka inayogawanyika kwa mbili. Marika nayo yana majina yanayofuatana kwa mpangilio unaojulikana: Kolongolo, Kikwameti, Kananachi, Kinyikewi, Nyange, Maina, Chuma, Sawa, kisha yanarudi mwanzo. Kinyikewi walitahiriwa tangu 1936 hadi 1946, Nyange wakaanza 1948. Kwa hiyo mwanamume wa Kibukusu anayejua rika lake na kundi lake ndani ya rika hilo ana mwaka wa tohara usio na ubishi, ijapokuwa hana cheti chochote.

"Kaka yangu mkubwa alitahiriwa nikiwa tumboni," Kukhu alisema.

Hapo mjukuu wake akaingilia: "Kukhu, hilo hujawahi kutuambia."

"Hamjawahi kuniuliza. Mlikuwa mnauliza nina miaka mingapi."

Kaka huyo amefariki. Lakini mwenzake wa jandoni yuko hai, mzee wa miaka zaidi ya tisini, na tulimwendea. Alikaa nje kwenye kiti chake na akili yake ni safi kabisa. Sikumwuliza mwaka. Nilimwuliza, "Kuka, ninyi ni rika gani?"

"Kinyikewi. Sisi ndio wa mwisho. Waliotufuata wakaitwa Nyange."

Kinyikewi wa mwisho ni Agosti 1946. Niliuliza kuhusu mama wa mwenzake, kama alicheza siku ya tohara. Akasema alicheza, na wanawake wenzake walikuwa wakimwonya kwa sababu alikuwa na mimba. Halafu akaongeza, bila kuulizwa, jambo lililokuwa na thamani kuliko yote niliyoyasikia siku hiyo: mtoto huyo alizaliwa wao wakiwa wameshatoka jandoni. Wanaotahiriwa Agosti hukaa kando hadi wapone na kufundishwa, na sherehe ya kuwatoa huwa Desemba.

Sasa mipaka imesogea sana. Mama alikuwa mjamzito Agosti 1946, kwa hiyo mtoto hawezi kuwa amezaliwa baada ya Mei 1947. Vijana walitoka Desemba 1946 na mtoto alikuwa bado hajazaliwa. Kati ya Desemba 1946 na Mei 1947. Na kama mimba ilikuwa inaonekana Agosti kiasi cha wanawake kumwonya, basi ni upande wa mwanzo wa kipindi hicho kuliko mwisho.

Hapa ndipo majira yanaposaidia. Majira peke yake hayakupi mwaka, na katika nchi yetu yana mtego wake. Kukhu aliwahi kuambiwa alizaliwa kiangazi. Kiangazi cha Bungoma kinaanzia Desemba na kuvuka mwaka mpya hadi mvua za Machi, hivyo neno "kiangazi" bila maelezo zaidi linakuacha katikati ya miaka miwili. Dawa ni kuuliza kazi iliyokuwa ikifanyika, maana kazi ya shamba hufuata mwezi kwa karibu zaidi kuliko hali ya anga. Kama watu walikuwa wanapukuchua na kupeleka mazao ghalani, ni mwisho wa mwaka. Kama walikuwa wanachoma majani na kulima mashamba kungojea mvua, ni Januari au Februari. Kama wimbi lilikuwa limeshachipua na akina mama wako palizini, tumefika Aprili na Mei. Kukhu alisema bibi yake alitoka shambani na jembe kuja kumsaidia mama yake kujifungua, na shamba lilikuwa linalimwa, halijapandwa. Hiyo ni Januari au Februari, na pamoja na maneno ya yule mzee kuhusu Desemba, mwaka ni 1947.

Siku ya Malakisi, basi, alikuwa na umri wa mwaka mmoja hivi. Mtoto wa mgongoni kabisa.

Ningeweza kuishia hapo, lakini mwaka uliopatikana kwa njia moja haujakamilika mpaka ujaribiwe na kitu kisichotokana na njia hiyo. Tulikuwa na vitu viwili vya namna hiyo.

Cha kwanza ni kifungua mimba wake. Kukhu anasema binti yake wa kwanza alikuwa anatambaa usiku wa Uhuru, Desemba 1963, na kitambulisho cha binti huyo kinasema 1963. Kukhu wa 1947 angekuwa na miaka 16 wakati huo, na wasichana wengi wa rika lake waliolewa wakiwa na umri huo. Kukhu wa 1953, yule wa duka la saiba, angekuwa na miaka 10. Jaribio hili ni la dakika moja na linahitaji kitambulisho cha mtoto mkubwa tu, na ndilo ningependa kila mtu anayejaza fomu za wazee alifanye kabla ya kuandika chochote. Toa mwaka wa mama kwenye mwaka wa kifungua mimba. Ukipata chini ya 14 au zaidi ya 30, simama uulize tena.

Cha pili kilikuwa kadi ya ubatizo ya Kikatoliki, iliyokunjwa ndani ya Biblia ya Kibukusu. Alibatizwa akiwa msichana, mwaka 1962, na padri au katekista aliandika umri wa miaka 15. Naipa kadi hiyo uzito mkubwa, na sababu yake inastahili kuelezwa. Yule aliyeandika 15 naye alikisia. Lakini alikisia akimtazama msichana, na ukimtazama msichana wa miaka 15 huwezi kumwandika 8 wala 25. Kosa lake ni la mwaka mmoja au miwili. Aliyeandika 1951 kwenye kadi ya zahanati alikisia akimtazama mwanamke mtu mzima, na kijana wa saiba alikisia akimtazama ajuza. Kadiri mtu anavyozeeka ndivyo macho ya mwingine yanavyokosea kwa miaka mingi zaidi. Kwa hiyo, kati ya karatasi mbili zinazopingana, usiangalie ipi ina mhuri mkubwa. Angalia ipi iliandikwa mtu akiwa mdogo zaidi.

Sasa nirudi kwenye 1943. Kukhu ana dada mdogo, aliyemfuata ziwa, na dada huyo ana kitambulisho tangu zamani chenye mwaka 1945. Wanawe Kukhu waliona kwamba mkubwa hawezi kuandikwa baada ya mdogo, wakakata miaka miwili, wakapata 1943. Hesabu yao ilikuwa na heshima ndani yake, nami sikuwalaumu. Lakini walichanganya vitu viwili. Kwamba dada huyu ni mdogo wa Kukhu ni jambo la hakika, ukoo mzima unajua nani alitangulia. Kwamba alizaliwa 1945 ni namba iliyoandikwa ofisini na mtu asiyemjua, alipokuwa mama wa watoto kadhaa. Ukweli ni mfuatano wao, na namba ni makisio. Kama Kukhu ni wa mwanzo wa 1947, dada yake ni wa 1949 au 1950, na kitambulisho cha dada ndicho kilichokosea. Kuupinda mwaka wa Kukhu ili ulingane na kosa hilo ni kulizalisha kosa mara ya pili. Ofisi haitalinganisha fomu ya mtu na kitambulisho cha dada yake. Italinganisha fomu yake na karatasi zake mwenyewe.

Mmoja wa wanawe aliuliza waziwazi kama kuongeza miaka kungemsaidia mama yao upande wa Inua Jamii. Jibu kwake lilikuwa rahisi, maana mtu wa 1947 ameshapita 70 zamani, na 1943 haimwongezei hata shilingi moja juu ya ile 2,000 ya kila mwezi. Lakini kuna boma nyingine ambako mipaka miwili inaangukia pande mbili za umri unaotakiwa, na huko kishawishi kipo. Msimamo wangu ni huu: chukua mwaka ambao ushahidi mwingi unauelekea, hata ukimchelewesha mzee mwaka mmoja. Mwaka uliovutwa kwa ajili ya fedha hauna kaka wa jandoni wala kadi ya ubatizo ya kuusimamia siku utakapoulizwa, na hati ya kiapo yenye uongo ni kosa la jinai kwa aliyetia kidole.

Tulipokwisha kuwa na mwaka, lilibaki swali la kuuandika. Fomu ina nafasi ya siku, mwezi na mwaka. Kukhu ana mwaka, na ana majira. Mjukuu alitaka kuandika tarehe 15 Februari 1947, kwa kuwa tulikuwa tumefika karibu hapo. Nilimkataza. Tarehe kamili inajidai kwamba mtu fulani aliiona siku hiyo na kuiandika, na afisa yeyote atakayeisoma atauliza cheti cha kuzaliwa kiko wapi. Kwa Mwafrika aliyezaliwa kijijini Bungoma mwaka 1947 cheti hakipo wala hakitarajiwi. Uandikishaji wa vizazi ulianza kuwafikia Waafrika wilaya kwa wilaya katika miaka ya 1960 na ukaenea nchi nzima mwaka 1971. Tena tarehe ya kubuni haikumbukiki. Mwaka kesho atamwambia karani wa benki tarehe nyingine, na hizo mbili zitagongana.

Kwa hiyo kwenye karatasi unaandika mwaka na kuacha siku na mwezi wazi, kisha unamwambia afisa kwa mdomo kwamba ni mwaka tu unaojulikana. Yeye ana namna ya kulishughulikia. Pale ambapo mashine haikubali nafasi wazi, tarehe inayotumika sana ni 01/01, na mimi naikubali kwa sababu kila afisa akiiona kwa mzee anaelewa ni tarehe ya kujazia nafasi. Ikishaingia kwenye kitambulisho, basi hiyo ndiyo tarehe yake ya kiserikali katika kila fomu itakayofuata, na asijaribu kuiboresha.

Ushahidi wenyewe tuliuweka kwenye hati ya kiapo. Wengi huandika mstari mmoja, "nilizaliwa mwaka 1947", na hati ya namna hiyo haina nguvu zaidi ya mdomo. Yetu ilieleza njia. Sehemu yenyewe ilisomeka hivi:

"Sijui siku wala mwezi niliozaliwa, na sikuwahi kupata cheti cha kuzaliwa. Nimeambiwa na mama yangu, ambaye sasa ni marehemu, kwamba alikuwa amenibeba mgongoni siku polisi walipowapiga watu risasi Malakisi, tukio lililotokea tarehe 10 Februari 1948. Kaka yangu mkubwa alitahiriwa pamoja na kundi la mwisho la rika la Kinyikewi mwezi wa Agosti 1946, wakati mama yangu akiwa na mimba yangu, na nilizaliwa baada ya kundi hilo kutoka jandoni. Nilibatizwa mwaka 1962 na umri wangu ukaandikwa kuwa miaka 15. Kwa sababu hizo ninaamini kwamba nilizaliwa mwaka 1947 au karibu na mwaka huo."

Angalia kwamba kila sentensi inasema imetoka kwa nani. Alichoambiwa ameandika ameambiwa. Na mwisho ni "ninaamini", "au karibu na mwaka huo". Maneno hayo ndiyo yanayomruhusu kuapa bila kusema uongo, na hayaipunguzii hati uzito.

Kukhu hasomi, kwa hiyo alitia dole gumba. Hapo kuna jambo dogo ambalo likisahaulika hati inakataliwa: kamishna wa viapo lazima aandike kwamba hati ilisomwa kwa mwapaji katika lugha anayoielewa, na kwamba alionekana kuielewa, kabla hajatia alama. Ilisomwa kwa Kibukusu, na jina la aliyesoma likaandikwa. Yule mzee wa Kinyikewi alitoa hati yake fupi pia, ya aya mbili, akieleza rika lake na alichokiona. Nilisisitiza ifanyike wiki hiyohiyo. Shahidi wa miaka zaidi ya tisini hangojewi.

Kisha tukaenda kwa naibu wa chifu na kwa chifu, ambao barua yao ndiyo inayosema mtu huyu ni wa hapa na anajulikana. Chifu alimwita mzee wa kijiji, akasoma zile hati, akauliza rika la yule kaka mara moja tu, akaandika.

Hospitalini kwa ajili ya makadirio ya umri ndipo watu wengi hutegemea mambo yasiyowezekana. Daktari anaweza kumtofautisha kijana wa miaka 15 na wa miaka 19 kwa meno na picha ya mifupa, kwa kuwa wakati huo meno yanatoka na mifupa inaungana. Kwa mtu wa miaka 70 na zaidi hakuna kinachoota tena wala kuungana. Kilichobaki ni uchakavu, na uchakavu unategemea maisha aliyoishi: mwanamke aliyebeba kuni na maji maisha yake yote anaweza kuwa na magoti ya mtu anayemzidi miaka kumi. Mzee akienda mikono mitupu, daktari atamtazama tu, kama yule kijana wa saiba alivyomtazama, na makisio yatapata mhuri wa hospitali. Kwa hiyo tulibeba hati ya kiapo na kadi ya ubatizo, tukampa kabla hajamaliza kuandika. Alimpima, akazisoma, akaandika kwamba maumbile yake yanalingana na historia aliyoitoa, na mwaka unaokadiriwa ni 1947. Sidhani daktari mwaminifu anaweza kusema zaidi ya hapo.

Fomu mpya ikajazwa kwa kalamu na ile ya penseli ikachanwa. Kitambulisho kilipotoka, mwaka ulikuwa 1947.

Haraka yote ya watu huwa mwisho wa safari, na mimi nimetumia nguvu zangu mwanzoni kwa makusudi. Usajili wa SHA hauulizi upya umri wa mtu, unavuta jina na tarehe kutoka kwenye kumbukumbu za kitambulisho. Benki hufanya hivyo, laini ya simu hufanya hivyo, na Inua Jamii huangalia hapohapo. Mwaka ukishaingia vibaya, unaenea kote kwa siku moja. Kuubadilisha baadaye ni kuomba marekebisho kwa ushahidi mwingine, na ofisi ina haki ya kuuliza kwa nini mtu aliyetia dole kwenye 1953 leo anasema 1947. Dada yake Kukhu yuko katika hali hiyo sasa. Nimemshauri asiubadilishe mwaka wake, kwa kuwa 1945 haimnyimi kitu chochote, na kila karatasi aliyonayo imeshajengwa juu yake.

Kadi ya zahanati yenye 1951 tuliipeleka kwa muuguzi pamoja na kitambulisho kipya, akaurekebisha mwaka na kutia sahihi kando. Kadi ya ubatizo haikuguswa na isiguswe, hata umri wake ungekuwa umetofautiana kidogo, maana thamani yake ni kwamba iliandikwa 1962 na haijabadilika. Nakala za hati zote mbili za kiapo ziko kwa mjukuu, na moja iko kwa binti mkubwa, yule wa usiku wa Uhuru.

Ile karatasi yenye mstari na mipaka nayo wameihifadhi. Juu yake wameanza kuandika wazee wengine wa boma, kila mmoja na rika la kaka yake.